Kikaango Kilichochubuka: Tunaogopa Vipande Vyeusi, Tunasahau Moto

Leo naweka pembeni viwango vya kubadilisha fedha na ada za kutuma pesa nyumbani. Nataka tuzungumze kuhusu kile kikaango cha nonstiki kilichoko jikoni kwako, kilichojaa mikwaruzo, ambacho huna uhakika kama ukitupe, uendelee nacho, au ukitie kwenye mzigo wa nyumbani.

Nimeamua kuandika kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea. Mwaka jana nilipofunga mzigo wa meli hapa Muscat nilitia vikaango viwili nilivyokuwa nimeshavitumia. Vilikuwa vimekwaruzika, lakini nikajiambia kwamba mama vitamfaa kuliko kuvitupa jalalani. Mama yuko Wete, Pemba, anapika chapati za kuuza asubuhi.

Mwezi uliopita nikampigia simu ya video akiwa jikoni. Nikaona kikaango changu kimoja kiko juu ya jiko la mkaa, kitupu, kinafuka moshi mwembamba. Mjukuu wake amekaa pembeni anakunywa uji.

"Mama, shikamoo. Mbona chombo kinafuka na hakina kitu?"

"Marahaba, mwanangu. Nakingoja kipate moto sawasawa, chapati ya kwanza isishike."

Kisha akachukua kijiko cha chuma, akakikwangua katikati, akatoa vipande vyeusi, akavipangusa kwa kitambaa. Akacheka: "Hivi ndivyo vinavyonitia wasiwasi. Jirani kaniambia ukivila vinaleta saratani."

Mimi ni mhasibu, nimesoma biashara chuo kikuu, sio daktari wala mkemia. Lakini kazi yangu ni kutafuta hesabu imekosewa wapi, na hapa nilitaka kujua hofu ya mama iko mahali pake au la. Nilichokuta ni kwamba alikuwa anaogopa kitu kisichostahili hofu kubwa, na kitu cha kuogopa kilikuwa mbele ya macho yake anakiona cha kawaida.

Tuanze na vile vipande. Utando mweusi wa kikaango cha nonstiki cha kawaida ni aina ya plastiki inayoitwa PTFE. Wengi tunaijua kwa jina la biashara, Tefloni. Iligunduliwa mwaka 1938 na mkemia Mmarekani Roy Plunkett, kwa bahati tu, alipokuwa anatafuta gesi ya kupozea majokofu. Sifa yake kubwa ni kwamba haitaki kuungana na kitu chochote. Yai haliishiki, mafuta hayaishiki, asidi haiiyeyushi. Sifa hiyo hiyo ndiyo inayokulinda ukimeza kipande: tumbo haliwezi kukimeng'enya, mwili hauna namna ya kukichukua, kinapita na kutoka chooni kama kilivyoingia. Taasisi ya serikali ya Ujerumani inayotathmini hatari za vyakula, BfR, inasema hivyo hivyo: vipande vikimezwa havitarajiwi kuleta madhara. Na PTFE ndiyo inayotumika kutengeneza mishipa ya damu ya bandia ambayo madaktari wa upasuaji huiweka ndani ya mwili wa mgonjwa kwa miaka.

Sasa hiyo habari ya saratani imetoka wapi? Haikutungwa, ila imehamishwa mahali. Zamani viwanda vya PTFE vilitumia kemikali nyingine kusaidia kuitengeneza, inaitwa PFOA. Kule Parkersburg, jimbo la West Virginia nchini Marekani, kemikali hiyo ilitoka kiwandani ikaingia kwenye maji ya kunywa, na wakazi wakaenda mahakamani. Wanasayansi waliochunguza afya za watu hao walikuta uhusiano na magonjwa kadhaa, ikiwemo saratani ya figo na ya korodani. Mwishoni mwa mwaka 2023 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, likaiweka PFOA kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Lakini angalia vizuri nani aliumia. Ni waliokunywa maji yenye kemikali hiyo na waliofanya kazi kiwandani, sio waliokaanga mayai. Utando unapookwa kiwandani kwa joto kali, karibu PFOA yote huondoka. Tena kampuni kubwa zilizokuwa chini ya mpango wa serikali ya Marekani ziliacha kuitumia kufikia mwisho wa 2015, na Umoja wa Ulaya ukaipiga marufuku mwaka 2020. Kwa hiyo ukiona kikaango dukani kimeandikwa kwa herufi kubwa kwamba hakina PFOA, usilipe riali tatu zaidi kwa ajili ya maneno hayo. Vya jirani yake kwenye rafu navyo, kama vimetoka kwa kampuni inayojulikana, havina.

Sitaki nionekane natetea wauza vikaango, kwa hiyo niseme na upande wa pili. Mwaka 2022 watafiti wa Australia walipima utando uliovunjika wakakuta mpasuko mmoja tu unaweza kutoa chembe ndogo za plastiki kwa maelfu, na utando ulioharibika kabisa unaweza kutoa kwa mamilioni. Chembe hizo ni ndogo mno, hazionekani kwa macho. Utafiti huo ulihesabu chembe, haukupima kama mtu anaugua. Mimi nauchukulia hivi: kipande ulichomeza jana kisikunyime usingizi, lakini hakuna sababu ya kuendelea kula plastiki kila siku kwa sababu tu unaona uchungu kutoa riali nne.

Haya, tuje kwenye moto, maana hapa ndipo penye hatari yenyewe.

PTFE inavumilia joto la kupikia bila shida. Ikipita nyuzi 260 za Selsiasi inaanza kuchoka. Ikifika karibu na 350 inavunjika na kutoa moshi wenye sumu. Mtu akivuta moshi huo wa kutosha anaweza kupata homa ambayo wengi wataidhania ni mafua: baridi, kichwa, kifua kubana, kikohozi. Huanza saa chache baada ya kupika, na kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili. Kwa ndege ni mbaya zaidi. Mapafu yao ni mepesi, na kasuku aliye kwenye kizimba karibu na jiko anaweza kufa kwa muda mfupi. Wale mnaofanya kazi za ndani huku Ghuba, ambako nyumba nyingi zina ndege, hili mlishike: kabla ya kutumia kikaango cha nonstiki, kizimba kisiwe jikoni.

Utasema nyuzi 350 ni nyingi, nani anapikia huko? Ukiwa na chakula ndani hufiki. Maji yaliyomo kwenye kitunguu, nyama au yai yanashusha joto, na mafuta yakizidi moto yanafuka mapema na kukuonya. Tatizo ni kikaango kitupu. Kikaango chepesi cha alumini juu ya gesi iliyofunguliwa yote kinapanda haraka sana, na hakina cha kukupigia kelele. Ile BfR ya Ujerumani inashauri kisikae kitupu motoni zaidi ya dakika tatu. Na hiyo ni jiko la nyumbani lenye kitufe cha kupunguza. Mkaa uliokolea hauna kitufe, na makaa mekundu yanapita nyuzi 500 kwa urahisi.

Na sisi tuna chakula ambacho desturi yake ni kungoja chombo kitupu kipate moto: chapati. Huku ughaibuni wengi wetu tunapika chapati kwenye nonstiki kwa sababu ndicho chombo kilichopo. Tunasukuma za kwanza huku kikaango kikingoja motoni. Unapigiwa simu, unazungumza dakika kumi, ukirudi kinafuka. Mvuke wa yai lenye maji hauna shida, lakini chombo kikavu kikifuka, jua huo ni utando wenyewe au mafuta ya zamani yanayoungua.

Kama huna chombo kingine na lazima utumie nonstiki kwa chapati, fanya hivi. Washa moto wa wastani, sio mkubwa, na usiache miali ipande pembeni mwa chombo. Paka mafuta kidogo tangu mwanzo, usingoje kipate moto kwanza. Mafuta ya alizeti yaliyosafishwa huanza kufuka kwenye nyuzi 230 hivi, yaani kabla utando haujaanza kuharibika. Kwa hiyo yanakuwa kipimajoto chako cha bure. Yakianza kufuka tu, punguza moto. Na ukisahau ukakuta chombo kitupu kinafuka, zima, fungua madirisha, toka nje na watoto, usikimwagie maji ya baridi. Kikishapoa, kikaango hicho kimeshastaafu hata kama bado kinang'aa.

Hiyo inatuleta kwenye swali la lini ubadilishe. Watu wanapenda kusema kila mwaka, au kila miaka miwili. Mimi siikubali kanuni hiyo, kwa sababu kikaango hakina kalenda. Kinachakaa kwa matumizi, kama gari la teksi lisivyolingana na gari la kwenda nalo kanisani au msikitini tu. Kiangalie chenyewe.

Mkwaruzo mwembamba kama uzi, ambao ukipitisha kucha haunasi, na yai bado linateleza, endelea nacho. Ukiona sehemu utando umeinuka kama rangi ya ukuta wenye unyevu, au umebanduka hadi chuma cheupe kinaonekana, muda wake umekwisha, kwa sababu kutoka hapo kila ukipika kingo zitaendelea kutoka. Na hicho cheupe ni alumini tupu. Ukipikia nyanya, ndimu au ukwaju hapo, alumini inaingia kwenye mchuzi. Kiasi hicho sio cha kukupeleka hospitali, sufuria zetu nyingi nyumbani ni za alumini, lakini kwa chombo kilichobandukabanduka sioni sababu ya kuongeza hilo nalo. Dalili nyingine ni chini kuvimba. Kiweke juu ya meza bapa: kikiyumba, na mafuta yakikimbilia pembeni, katikati panakuwa pakavu na panapata joto kupita kiasi kila unapopika.

Ila kuna kosa la upande wa pili, la kutupa mapema. Kikaango kinaanza kushika, kimejaa madoa ya kahawia yanayonata, tunasema utando umekufa. Mara nyingi huo ni ukoko wa mafuta yaliyoungua, utando uko chini yake mzima. Tia maji nusu, kijiko kimoja cha bikaboneti ya soda, ile ya kuumulia keki, chemsha taratibu kwa dakika kumi, acha ipoe, halafu sugua kwa sponji laini. Osha, kausha, jaribu yai. Nilifanya hivyo kwa kikaango nilichokuwa nimeshakiweka mlangoni kukitupa, nikakitumia miezi mingine mitano.

Sasa daftari langu, maana najua mlikuwa mnalingoja. Nakaa nyumba ya pamoja na wenzangu wawili, na nimekuwa nikiandika kila kinachonunuliwa jikoni. Vikaango vya riali 4 vilikuwa vinadumu miezi minane. Hiyo ni baisa 500 kwa mwezi, riali 6 kwa mwaka. Mwenzangu akasema tatizo ni urahisi, akanunua cha riali 18. Kilikuwa kizuri kweli, kizito, lakini hata tukifikiria kitadumu miaka mitatu kamili, riali 18 gawa kwa miezi 36 ni baisa 500 zile zile. Hakikudumu hata hiyo miaka mitatu, kwa sababu tulikitesa vile vile: chapati kwenye moto mkubwa, kijiko cha chuma, waya wa kusugulia.

Tulichobadilisha sio bei, ni mgawanyo wa kazi. Tulinunua chuma cha chapati, ile tawa nyeusi isiyo na utando wowote, kwa riali 3 na nusu. Chapati, nyama na kila kitu cha moto mkali kinapikwa hapo. Nonstiki ya riali 4 ikabaki na kazi mbili, mayai na samaki laini, kwa mwiko wa mbao na sponji, bila kurundikiwa vyombo juu yake kabatini. Kikaango hicho kina miezi 20 na bado yai linateleza. Hiyo ni baisa 200 kwa mwezi na inaendelea kushuka. Chuma sikipangii hata uchakavu, hakina cha kubanduka.

Vya kauri, vile vyeupe au vya rangi vinavyouzwa kama mbadala salama, havina PTFE na moto mkali hautoi moshi ule. Hilo ni kweli. Lakini utelezi wake kwa kawaida unaisha mapema kuliko wa PTFE, kwa hiyo kwenye daftari vinaweza kukugharimu zaidi. Mlioko Minnesota mtavikuta zaidi madukani, kwa sababu tangu tarehe 1 Januari 2025 jimbo hilo limekataza kuuza vyombo vya kupikia vilivyotiwa kwa makusudi kemikali za jamii ya PFAS, na PTFE imo. Sababu kubwa ya sheria ile ni uchafuzi wa maji na ardhi, kwa hiyo isikutie hofu kwamba kikaango ulichokuwa nacho kimegeuka sumu usiku mmoja.

Nirudi kwenye mzigo. Nasema hili nikijua wengine litawaudhi: tuache kutuma nyumbani nonstiki zilizochubuka. Tunajidanganya kwamba tunaokoa pesa. Chombo ambacho huku kimechoka kwenye gesi tunakipeleka kwenye mkaa, ambako moto haupunguzwi, na jikoni ambako kila kijiko ni cha chuma. Tunalipia nafasi kwenye boksi kusafirisha kitu ambacho thamani yake kwenye vitabu ni sifuri. Nafasi ile ile ingebeba sabuni au nguo za watoto, na pesa ile ile ingenunua chuma cha chapati sokoni kule kule, kwa shilingi, na fundi wa pale akapata riziki.

Ndivyo nilivyofanya. Nilimtumia mama hela ya chuma siku ya pili yake. Alilalamika: "Chuma kinashika, mwanangu, ndio maana nilifurahia hivi vyako." Nikamwambia akioshe, akikaushe motoni, akipake mafuta kidogo sana kwa kitambaa, akiache kifuke kwenye hewa ya nje mpaka kikauke, arudie mara tatu. Akaguna, akasema hayo bibi yangu alikuwa akiyafanya kabla mimi sijazaliwa, sio mimi wa kumfundisha.

Juzi nimempigia tena. Chapati zinageuka bila kushika, na kasi imeongezeka kwa sababu chuma kinashika joto. Nikamuuliza vile vikaango viko wapi. Akageuza simu kuelekea uani. Vimewekwa chini ya mwembe, vina maji, kuku wanakunywa.